Muhogo, matoke na laisini: piga hesabu ya protini inayokufanyia kazi kweli

Kwa wale wa Kasese, Bwera, Arua, Kyangwali na hata Kampala wenye kula bundu, ugali wa muhogo, mchana na matoke usiku, hii ni kwa ajili yenu. Mtu mzima akila muhogo na matoke mpaka kalori zake zitimie, tumbo limejaa kabisa, protini ambayo mwili unaweza kuitumia kikamilifu inakuwa kama gramu 13 tu, na mtu wa kilo 60 anahitaji wastani wa gramu 40 kwa siku, ukitaka kuwa upande wa usalama ni 50. Yaani ameshiba lakini amepata robo mpaka theluthi tu ya kile alichohitaji. Nataka tuifanye hiyo hesabu pamoja ili ukitoka hapa uweze kuifanya kwa sufuria ya nyumbani kwako, haihitaji digrii, inahitaji mzani na kalamu.

Hatua ya 1: pima chakula kikiwa kibichi na kimemenywa

Usipime kilichopikwa, manake maji yanadanganya, bundu ya huyu ni laini ya yule ni ngumu na uzito unabadilika. Pima muhogo mbichi baada ya kumenya, matoke baada ya kumenya, na maharage yakiwa makavu kabla ya kuloweka. Kama huna mzani nenda kwa muuza duka akupimie mara moja tu, alafu weka alama kwenye chombo chako. Tampeko ile ya nusu lita ikijaa maharage makavu inakaribia gramu 400, inategemea ukubwa wa punje, kwa hiyo pima ya kwako usiniamini mimi.

Kama mnapika sufuria moja ya familia, pima jumla alafu kadiria nani anakula sehemu gani. Hapa kuwa mkweli sana, kwa sababu kwenye nyumba nyingi baba anapata minofu ya mchuzi na watoto wanapata supu, na hiyo inabadilisha hesabu yote kama tutakavyoona mbele.

Mfano wetu ni mtu mzima wa kilo 60 ambaye kwa siku amekula muhogo gramu 600 na matoke gramu 800, pamoja na mchuzi mwepesi wa nyanya na kitunguu ambao hauna protini ya kuhesabu.

Hatua ya 2: andika namba tatu kwa kila chakula

Muhogo mbichi gramu 100 una kalori 160 hivi, protini gramu 1.4, na laisini miligramu 44. Matoke gramu 100 yana kalori 120 hivi, protini 1.3, laisini 60. Gonja haitofautiani sana na hapo.

Laisini ni moja kati ya asidi amino tisa ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima uzile. Mwili ukitaka kujenga nyama, damu, kinga, unahitaji zote tisa kwa wakati na kwa kipimo chake. Ikipungua moja, zilizobaki hazina kazi ya kujenga, zinachomwa kama kuni za nguvu basi. Ni sawa na fundi cherehani mwenye kitambaa cha mashati 20 lakini vifungo vya mashati 8, atatoa mashati 8. Kwa vyakula vya wanga laisini mara nyingi ndo kifungo kinachoisha mapema, ndo maana tunaihesabu yenyewe badala ya kuangalia protini ya jumla.

Kwa muhogo kuna sababu nyingine ya kutoiamini ile 1.4. Maabara nyingi hazipimi protini moja kwa moja, zinapima naitrojeni alafu zinazidisha kwa 6.25. Sasa kwenye mzizi wa muhogo sehemu kubwa ya naitrojeni, inaweza kukaribia nusu, haiko kwenye protini kabisa, iko kwenye vitu vingine vidogo vidogo pamoja na vile vinavyotoa sianidi. Kwa hiyo kopo linaweza kuandikwa protini kadhaa na mwili usizione. Ukihesabu laisini yenyewe unakwepa huo mtego.

Haya, tuzidishe. Muhogo gramu 600: kalori 960, protini 8.4, laisini 264. Matoke gramu 800: kalori 960, protini 10.4, laisini 480. Jumla ni kalori 1,920, protini gramu 18.8, laisini miligramu 744.

Mtu mzima anahitaji wastani wa miligramu 30 za laisini kwa kila kilo ya mwili, hiyo ni kwa mujibu wa kipimo cha FAO na WHO cha 2007. Kilo 60 mara 30 ni 1,800. Sisi tuna 744. Na bado hatujamaliza kupunguza.

Hatua ya 3: toa kile kisichomeng'enywa, alafu gawanya kwa 45

Si kila protini uliyomeza inaingia kwenye damu. Kwa vyakula vya mimea vyenye nyuzinyuzi tumia asilimia 80, ni makadirio lakini yanafaa kwa hesabu ya nyumbani. 744 mara 0.8 ni kama 595.

Sasa protini nzuri kwa mtu mzima inatakiwa iwe na laisini miligramu 45 kwa kila gramu. Gawanya 595 kwa 45, unapata 13. Hiyo ndo ile gramu 13 niliyoanza nayo. Protini 18.8 kwenye karatasi, 13 kwenye mwili.

Hapa kuna kitu watu wengi wanachanganya nataka nikiweke sawa. Mara nyingi utasikia "matoke hayana laisini". Si kweli hivo. Ukigawanya 60 kwa 1.3 unapata miligramu 46 kwa gramu ya protini, yaani ubora wa matoke kwa upande wa laisini ni wa kuridhisha. Shida ya matoke ni kwamba protini yenyewe ni kidogo mno, ungekula karibu kilo 4 za matoke yaliyomenywa kwa siku ndo ufikishe 1,800 baada ya kumeng'enya, na hakuna anayeweza. Muhogo ndo una matatizo mawili kwa pamoja, protini kidogo na laisini yake ni 31 tu kwa gramu. Kwa hiyo nyumba ya muhogo iko kwenye hatari kubwa kuliko nyumba ya matoke, ingawa zote mbili zinapungukiwa. Na ili tusidanganyane, leusini, nyingine kati ya zile asidi amino tisa, nayo ni ndogo kwenye vyote viwili, hata kuliko laisini kwa kulinganisha na mahitaji. Bahati nzuri kitakachoziba laisini kinaziba leusini pia, kwa hiyo huna haja ya kufanya hesabu mbili.

Kitu kingine: hiyo 13 ni kwa mtu aliyeshiba kalori. Mtu anayekula mlo mmoja kwa siku, kalori 1,100 hivi, anapata laisini kidogo zaidi alafu na hiyo kidogo mwili unaichoma kupata nguvu. Kwa mtu wa namna hiyo chakula chenyewe kwanza kiongezeke, kumpa protini peke yake bila nguvu ya kutosha ni kupoteza pesa.

Hatua ya 4: ziba pengo kwa maharage, na yawe maharage sio supu

Tunapungukiwa 1,800 toa 595, yaani miligramu 1,205 zilizomeng'enywa. Maharage makavu gramu 100 yana protini 22 hivi na laisini karibu 1,500. Mmeng'enyo wake ni kama asilimia 78. Kwa hiyo gramu 100 zinakupa 1,170 za kutumika, karibu pengo lote.

Lakini mimi nasema weka gramu 150 kwa mtu mzima kwa siku, sababu ile 1,800 ni wastani na nusu ya watu wanahitaji zaidi ya wastani. Maharage gramu 150 yana kalori 500, kwa hiyo unaweza kupunguza muhogo nusu, kutoka 600 hadi 300, pesa ya muhogo uliopungua inasaidia kununua maharage. Hesabu mpya: muhogo 300 na matoke 800 vinatoa laisini 612, ikimeng'enywa 490. Maharage 150 yanatoa 2,250, ikimeng'enywa 1,755. Jumla 2,245. Kalori zimebaki palepale karibu 1,940. Laisini sasa imetosha na kuzidi.

Angalia kinachotokea sasa kwenye protini ya jumla. Kutoka kwenye muhogo na matoke zinameng'enywa kama gramu 11.7, kutoka kwenye maharage 25.7, jumla 37. Laisini haizuii tena, sasa kinachozuia ni wingi wa protini yenyewe, tuko karibu na wastani wa 40 lakini hatujafika 50. Hapo ndo mukene, wale dagaa, inaingia. Mukene mkavu gramu 25, ni kiganja kimoja tu, protini yake ni zaidi ya nusu ya uzito wake, unapata gramu 12 hivi za kutumika na unafika 49. Mtu wa muhogo na matoke amefika bila nyama, bila kuku, bila kitu cha gharama. Kama kwako maziwa ni rahisi kuliko mukene, nusu lita inatoa protini 16 na laisini zaidi ya 1,200, ni nzuri sana pia. Mama anayenyonyesha ndani ya miezi sita ya kwanza aongeze protini gramu 19 hivi juu ya hapo, kwake huyo mukene na maziwa viwe vyote viwili ikiwezekana.

Sasa mahali inapoharibika. Ya kwanza ni ile supu. Sufuria ya watu wanane wanaweka maharage robo kilo kasoro, maji mengi, kila mtu anapata kama gramu 30 za maharage makavu kwa siku. Gramu 30 ni laisini 350 za kutumika, ukijumlisha na 595 unapata 945, nusu ya mahitaji, na hao wote watakuambia "sisi tunakula maharage kila siku" na wanasema kweli. Kipimo ni rahisi: gawanya maharage makavu uliyotia kwenye sufuria kwa idadi ya watu. Ikiwa chini ya gramu 80 kwa mtu mzima na hakuna samaki wala maziwa, hiyo ni supu.

Ya pili ni binyebwa. Mama mmoja wa Bwera aliniuliza, "Mwalimu, mimi nyumbani kwangu mchuzi wa karanga haukosekani, si hiyo ni protini?" Nikamwambia mama ni protini kweli, na mafuta yake yanasaidia sana watoto, lakini ukiangalia laisini, binyebwa ina 36 kwa gramu ya protini wakati maharage yana 68 hivi. Na simsim iko chini zaidi, 32. Yaani muhogo na binyebwa ni vitu viwili vinavyopungukiwa kitu kilekile, vikikutana havizibani. Gramu 50 za binyebwa iliyosagwa zinakupa laisini 460, sio sifuri, lakini hazitoshi kubeba sahani ya bundu peke yake. Weka binyebwa ndani ya maharage au juu ya mukene, hapo ni sawa kabisa. Kunde, kaawo, mbaazi na soya zote ziko upande wa maharage kwa laisini, tumia iliyo rahisi sokoni kwako.

Sombe nayo nzuri, majani mabichi gramu 100 yana protini 7 hivi na laisini yake si mbaya, ila majani yatwangwe vizuri na yachemke muda mrefu bila kufunika ili sianidi itoke, na usiyahesabu kama maharage kwa sababu hayameng'enywi vizuri kama maharage.

Kuhusu kuvila kwa wakati mmoja: mtu mzima akila muhogo mchana na maharage jioni ni sawa, siku ndo inahesabiwa. Mtoto mdogo ni afadhali kila mlo uwe na vyote.

Hatua ya 5: usiharibu ulichonunua

Kuchemsha na kupika kwa mvuke kwenye majani ya ndizi hakuharibu laisini. Kinachoiharibu ni ukavu na moto mkali mpaka kitu kinageuka kahawia iliyokolea, hapo laisini inashikana na sukari na mwili hauwezi kuitoa tena. Hii inawagusa sana wanaokaanga soya kwa ajili ya unga wa uji. Soya lazima ipate moto, ikiwa mbichi inazuia mmeng'enyo, lakini koroga muda wote na uitoe ikiwa na rangi ya dhahabu, ikifika rangi ya kahawa umelipia laisini ambayo hutaila. Maharage loweka usiku, mwaga maji, chemsha yatokote sawasawa mpaka punje ikibonyezwa na vidole viwili inapondeka yote. Punje ngumu katikati inapita tumboni bila faida, na maharage yasiyoiva yanaumiza tumbo.

Muhogo mchungu una shida yake ya ziada. Mwili unaondoa sianidi kwa kutumia salfa, na salfa hiyo inatoka kwenye asidi amino zenye salfa, methionini na sistini. Kwa hiyo unga wa muhogo uliokaushwa harakaharaka bila kulowekwa siku za kutosha unakula protini yako mara ya pili. Na unaweza kuua moja kwa moja, Kasese mwaka 2017 watu 98 waliugua na wawili wakafa kwa unga wa muhogo wenye sianidi. Loweka mpaka ulainike, kausha juani, na unga mchungu ulimini usile hata kama umelipia.

Watu wananiuliza pia kama wahamie posho. Mahindi ya kawaida laisini yake ni 28 tu kwa gramu, chini ya muhogo, ila protini ni nyingi zaidi kwa kalori zilezile kwa hiyo mwishoni unapata zaidi. Ukipata mbegu ya Longe 5, ile wanaita Nalongo, hiyo ilitengenezwa makusudi iwe na laisini nyingi kuliko mahindi ya kawaida. Bado maharage yanahitajika.

Hatua ya 6: mtoto, hesabu yake ni tofauti

Mtoto wa mwaka 1 mpaka 2 anahitaji laisini miligramu 45 kwa kilo, mara moja na nusu ya mtu mzima, sababu anakua. Tuchukue mtoto wa kilo 12: anahitaji 540 kwa siku na protini nzuri gramu 12 hivi. Ukimlisha muhogo mtupu gramu 600, kalori zinatosha, laisini iliyomeng'enywa ni 211, hafiki hata nusu. Matoke matupu gramu 820 anapata 390 hivi, kama asilimia 70. Na tumbo lake kwa mlo mmoja linabeba kama mililita 360 basi, uji mwepesi wa muhogo unajaza hiyo nafasi kwa maji.

Kitobero, chakula cha mtoto cha kuchanganya, ndo jibu na wamama wa Uganda wanaijua kwa miaka mingi, tatizo ni vipimo. Kwa siku nzima kwa huyo mtoto: matoke yaliyomenywa gramu 500, maharage makavu gramu 40 yaliyolowekwa na kutolewa maganda, binyebwa iliyosagwa gramu 20, na mboga za majani kama dodo au nakati kidogo. Funga kwenye jani la ndizi, pika kwa mvuke, ponda. Maharage yachemshe kwanza mpaka yaive kabisa, usiyatie mabichi ukitegemea mvuke. Laisini ya matoke 240, ya maharage 470, jumla 710 kabla hujahesabu binyebwa, imezidi 540 vizuri. Kalori ni kama 860, zilizobaki zitoke kwenye maziwa ya mama au ya ng'ombe. Gawanya milo minne, iwe nzito kiasi kwamba kijiko kikiinamishwa haimwagiki kama maji. Kama maharage hayapo siku hiyo, mukene uliosagwa, usiokuwa na mchanga, vijiko vya chai vichache kwa siku unaziba nafasi.

Mtoto wa miezi 6 hadi 59, VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, akimpima mzunguko wa mkono wa juu ukawa chini ya sentimita 12.5, peleka kituo cha afya apimwe vizuri, chini ya 11.5 ni hatari, mpeleke siku hiyohiyo. Na bonyeza juu ya miguu yake yote miwili kwa kidole sekunde tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote, usianze kumjazia maharage na mukene nyumbani, mtoto wa hivo mwanzoni hawezi kubeba protini nyingi na anaweza kufa kwa kulishwa haraka, anatakiwa aanze na maziwa maalum ya hospitali kwa vipimo vidogo, kwa Kampala kitengo cha Mwanamugimu pale Mulago ndo kazi yao hiyo. Kitobero itamsubiri akitoka.